Nikiiondoa apu yangu Play Store, hawa watu 1,900 walionayo kwenye simu inakuwaje?

#1 Fundi Daftari

Wakuu, salaam. Nina apu ya hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii. Iko Play Store tangu 2021 kwenye akaunti yangu binafsi. Console inaonyesha watu 1,900 na ushee bado wanayo kwenye simu. Mwaka huu mimi na mwenzangu tumesajili kampuni, tumefungua akaunti ya kampuni, na tunataka apu ihamie huko.

Nisiwafiche, kuna sababu ya pili. Nyota zimeshuka hadi 3.2. Toleo la 2.1 nililiharibu mwenyewe: mkopo ukilipwa nusu, riba ilikuwa inahesabiwa mara mbili. Makatibu wa vikundi waliumbuka mbele ya wanachama, wakaja kunimwagia nyota moja moja. Nilirekebisha ndani ya wiki, lakini maoni yao mpaka leo ndiyo ya kwanza kuonekana ukifungua ukurasa.

Mpango wangu ni huu: naifuta kwenye akaunti ya zamani, naipandisha upya kwenye akaunti ya kampuni, naanza na ukurasa mweupe. Sasa nauliza. Waliokuwa nayo itawatoka kwenye simu? Nikitoa apdeti kwenye akaunti mpya itawafikia? Na yale maoni yanakwenda wapi?

#2 Kasuku Mweupe

Rahisi sana hiyo. Bonyeza alama ya apu bila kuachia mpaka itikisike, chagua Uninstall, imekwisha. Ikikataa zima simu uwashe.

#3 Chuma cha Pua

#2 hahaha. Mwenzio anauliza namna ya kufunga duka, wewe unamfundisha kutoa kopo kabatini.

#4 Nyuki Mkavu

Mimi ninavyojua, ukishaiondoa dukani simu za watu zinaambiwa. Inakaa kama siku 30 hivi, halafu Play Protect inaifuta yenyewe kwa kuwa haina mwenyewe tena. Rafiki yangu ilimtokea.

#5 Bi Kompyuta

Fundi, kabla hujagusa kitufe chochote, soma hapa taratibu, maana neno "kufuta" ulilotumia lina mambo matatu ndani yake na kila moja lina matokeo yake.

Kufuta kabisa huwezi. Console inaruhusu kufuta apu ambayo haijawahi kusakinishwa na mtu hata mmoja, yaani rasimu, au ile uliyoipandisha ikakosa mteja. Yako ina watu 1,900. Hata ungeweza kuifuta, jina lake la kifurushi, lile lililoandikwa kwenye `applicationId`, limeshatumika na halirudi tena sokoni. Wewe hutalitumia, wala mwingine yeyote.

Unachoweza kufanya ni kubonyeza Unpublish. Ingia kwenye apu yako, tafuta Advanced settings, humo kuna App availability. Hapo apu inafichwa tu. Mtu mpya akiitafuta haioni, na akifungua kiungo anakuta ukurasa haupo. Aliyekuwa nayo anabaki nayo na anaendelea kuitumia. Hapati ujumbe wowote kwamba umeiondoa. Katibu wa kikoba kule Kilosa anaweza kuandika hisa miaka mitatu mingine bila kujua kwamba duka lilifungwa zamani.

La tatu ni kuondolewa na wenye duka kwa kukiuka masharti. Hilo si lako leo.

Kwa hiyo #4, hapana. Play Protect inashughulika na apu zenye madhara. Kufichwa na mwenyewe si madhara.

#6 Nyuki Mkavu

Basi ya rafiki yangu labda ilikuwa na madhara. Sijamuuliza.

#7 Chuma cha Pua

Sasa umemuuza rafiki yako mbele ya watu.

#8 Fundi Daftari

Ahsante Bi Kompyuta. Kwa hiyo nikiificha ya zamani kisha nikapandisha ileile kwenye akaunti ya kampuni, wale wa zamani watapata apdeti kutoka kampuni?

#9 Bi Kompyuta

Hawatapata, na hapa ndipo mpango wako unapovunjika. Play Store haikujui kwa jina "Daftari" wala kwa picha ya daftari. Inakujua kwa jina la kifurushi. Hilo limekaa kwenye akaunti yako binafsi, hata likiwa limefichwa, kwa hiyo akaunti ya kampuni ukiipelekea faili lenye jina hilo litakataliwa palepale kwamba limeshatumika. Itakubidi ubadilishe jina. Ukishalibadilisha, machoni pa Android hiyo ni apu nyingine kabisa. Mteja akiisakinisha atakuwa na alama mbili za daftari kwenye skrini, ya zamani yenye hesabu zake na mpya iliyo tupu.

Nikuulize: hesabu za vikundi unazihifadhi wapi? Kwenye sava au ndani ya simu?

#10 Fundi Daftari

Ndani ya simu. SQLite. Makatibu wengi bando ni la kubahatisha, ndiyo maana nikafanya hivyo.

#11 Bi Kompyuta

Basi umejijibu. Kila apu ina chumba chake ndani ya simu na apu nyingine haiingii humo. Daftari jipya halitaweza kulisoma la zamani, hata kama umeandika yote mawili kwa mkono wako. Mtu akiona mbili, akafuta ya zamani ili apate nafasi, miaka minne ya kikundi imekwenda. Zile nyota moja unazozikimbia utazikuta zimekutangulia kwenye ukurasa mpya.

#12 Sukari Guru

Natokea Kisumu. Hilo la alama mbili limenipata. Apu yangu ya bei za mahindi niliisaini kwa faili la .jks lililokuwa kwenye kompyuta moja tu, na kompyuta ikaibwa. Ilikuwa apu ya zamani, sikuwa nimejiunga na Play App Signing. Bila lile faili huwezi kutoa apdeti, basi. Nikalazimika kuja na jina jipya la kifurushi. Niliificha ya zamani siku ileile niliyotoa mpya, na hilo ndilo kosa, kwa sababu sikuwa na njia tena ya kuwaambia watu wahamie. Wengi walibaki kwenye ya zamani wakisoma bei za msimu uliopita.

#13 Mzee wa Logi

#12 pole. Kwa wanaosoma: apu mpya zilizoanza kupandishwa tangu Agosti 2021 zote ziko kwenye Play App Signing, ufunguo wenyewe unakaa upande wa Google, wewe unabaki na ule wa kupandishia tu. Huo ukiupoteza unaomba ubadilishiwe. Fundi amesema 2021, aangalie ni mwezi gani.

#14 Fundi Daftari

Ilikuwa Oktoba. Nimeangalia, ipo.

#15 Mzee wa Logi

Umepona.

Sasa jambo la apdeti kwa apu iliyofichwa, maana naona limepitiwa haraka. Maelezo ya Google yanasema aliyekuwa nayo ataendelea kupokea apdeti. Mimi siamini kitu mpaka nikione kwenye simu, kwa hiyo niliwahi kujaribu kwa apu yangu ndogo ya ratiba. Nilikuwa na simu mbili. Ya kwanza ina apu, toleo la 17. Ya pili haijawahi kuiona. Nikabonyeza Unpublish, nikasubiri mpaka ukurasa ukapotea kwenye simu ya pili. Halafu nikaongeza namba na kupandisha:

```
defaultConfig {
    applicationId "ratiba.ndogo.app"
    versionCode 18
    versionName "1.8"
}
```

Baada ya siku moja hivi nikaunganisha simu ya kwanza kwenye kompyuta na kuuliza:

```
adb shell dumpsys package ratiba.ndogo.app | grep versionCode
```

Ikajibu 18. Simu ya pili bado ukurasa haupo. Kwangu mimi apdeti inapita hata apu ikiwa imefichwa.

#16 Sukari Guru

Kwangu haikupita. Nazungumzia apu nyingine, si ile ya mahindi. Niliificha, nikapandisha toleo, likakaguliwa, na simu ya mke wangu ikabaki na la zamani wiki mbili nzima. Nilipoirudisha sokoni ndipo likaingia.

#17 Bi Kompyuta

Ulikuwa umewasha Managed publishing? Ikiwa imewashwa, toleo likishakaguliwa linakaa likisubiri wewe uliachie. Na hata kitufe cha Unpublish hakikubali kazi ikiwa imewashwa, kwa hiyo inawezekana uliizima, ukaficha, kisha ukaiwasha tena.

#18 Mzee wa Logi

Au simu ya shemeji ilikuwa haichajiwi penye WiFi. Apdeti zinazoingia zenyewe kwa kawaida zinasubiri WiFi, chaja, na simu imetulia. Mtu anayetumia bando la siku na kuchaji kibandani anaweza kukaa mwezi mzima bila apdeti ya apu yoyote, iliyofichwa na isiyofichwa.

#19 Sukari Guru

WiFi ipo nyumbani na chaja ipo. Managed publishing sikumbuki, sitabisha.

#20 Jirani Mwema

Mimi nadhani ni akaunti. Mke wako aliipata apu kupitia Play Store kwa barua pepe yake, au ulimtumia faili la APK kwenye WhatsApp? Ukimtumia mtu APK hajulikani dukani kwamba aliipata huko, na apu ikifichwa mambo yake yanakuwa ya kubahatisha.

#21 Sukari Guru

...Nilimtumia WhatsApp.

#22 Chuma cha Pua

Kesi imefungwa.

#23 Mzee wa Logi

Haijafungwa. Kwenye simu yangu moja kuna apu niliyoiweka kwa APK na Play Store huwa inaipa apdeti kama kawaida, mradi saini ni ileile. Labda ni tofauti kwa iliyofichwa. Sijajaribu hilo.

#24 Wakili wa Kijiji

Habari za humu. Yangu ni tofauti, naomba msaada. Sikubonyeza Unpublish wala sikupata onyo la kufungiwa, lakini watu wanaokuja leo wananiambia apu haionekani. Kwenye simu yangu ya zamani ya Android 11 inaonekana vizuri. Apu ni ya fomu za mikataba ya kupanga nyumba, sijaigusa tangu 2022.

#25 Bi Kompyuta

Umeificha bila kujua, kwa kutoigusa. Angalia `targetSdkVersion` yako. Tangu 31 Agosti 2025 apu iliyopo sokoni ambayo hailengi angalau API 34, yaani Android 14, haionyeshwi kwa watumiaji wapya ambao simu zao zina Android mpya kuliko ile unayoilenga. Ndiyo maana kwenye simu yako ya zamani ipo. Waliowahi kuisakinisha bado wanaipata. Kupandisha apdeti tangu tarehe hiyohiyo kunakutaka ulenge angalau 35. Ukilenga hiyo na toleo likapita, wapya wataanza kukuona, na nyota zako zitakuwa zilezile.

#26 Wakili wa Kijiji

Inalenga 31. Nimeelewa, ahsante sana dada.

#27 Kibatari

Na mimi niseme la kuondolewa, kwa kuwa #5 amelipita. Yangu iliondolewa kwa uzembe wangu: iliomba ruhusa ya kusoma SMS na sikuwa nimejaza lile tamko linalotakiwa. Ukurasa ukazimika, hakuna kuona nyota wala idadi ya waliopakua. Nikadhani vimekufa. Nikatoa ile ruhusa, nikapandisha toleo safi, likakubaliwa, na vyote vikarudi kama vilivyokuwa, hata lile oni la jamaa aliyenitukana 2020.

#28 Bi Kompyuta

Sawa, hiyo ni Removed. Ingekuwa Suspended usingerudishiwa: watumiaji, takwimu na nyota vinapotea, na ile apu hairudi mpaka rufaa ikubaliwe. Na inaandikwa kama alama mbaya kwenye akaunti nzima. Ukipata barua, tafuta ni neno gani kati ya hayo mawili kabla hujafanya lolote.

#29 Mgeni Muscat

Nifuatilie hapa. Mimi nina apu yenye usajili wa mwezi. Nikiificha, wanaolipa wataendelea kukatwa?

#30 Jirani Mwema

Wataendelea. Kuficha hakugusi malipo.

#31 Kibatari

Ukurasa wa msaada wa Google kwa wateja unasema apu ikiondolewa Google Play, malipo yajayo ya usajili yanasitishwa, na yaliyokwishalipwa hayarudishwi.

#32 Jirani Mwema

"Ikiondolewa" ipi? Na nani? Hilo ndilo swali lenyewe.

#33 Mgeni Muscat

Kwa hiyo nani anajua?

#34 Mzee wa Logi

Usitegemee yoyote kati ya hayo. Zima mpango wa usajili kwanza kwenye Console ili wapya wasiingie, acha waliopo wamalize, halafu ndiyo ufiche. Na ikiwa huduma unaizima kabisa, warudishie wa mwezi wa mwisho mwenyewe. Mtu aliyekatwa hela kwa apu asiyoiona dukani hatakuandikia oni, atakwenda benki.

#35 Fundi Daftari

Narudi kwenye mada jamani. Kwa hiyo hakuna njia ya kupeleka apu kwenye kampuni?

#36 Bi Kompyuta

Ipo, nilikuwa nasubiri uulize. Haiondolewi, inahamishwa. Kuna ombi la kuhamisha apu kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Jina la kifurushi linabaki, ufunguo unabaki, watumiaji, takwimu, nyota na maoni vyote vinakwenda. Kwenye simu ya katibu hakuna kinachobadilika ila jina la mwenye apu dukani. Hesabu zake ziko palepale, na toleo utakalotoa kutoka akaunti ya kampuni litamfikia.

Utahitaji namba ya muamala wa ada ya usajili, zile dola 25, ya akaunti inayopokea. Iko kwenye risiti iliyokuja kwa barua pepe siku mliyolipia. Watu wengi wanakwama hapo kwa sababu alilipa ndugu kwa kadi yake na barua alishaifuta.

Kabla ya kuhamisha, pakua ripoti zako zote, maana zile za jumla haziendi na apu. Makundi ya wanaokujaribia utayaunda upya. Na kama unatumia Firebase, huo ni mradi mwingine, Play haiuhamishi. Ongeza barua pepe ya kampuni kama mmiliki kule kwanza.

#37 Fundi Daftari

Kumbe! Lakini maoni nayo yanakuja. Hizo nyota 3.2 ndizo nilizokuwa nazikimbia.

#38 Chuma cha Pua

Unahama nyumba, deni la dukani linakufuata.

#39 Nyuki Mkavu

Ficha apu miezi sita halafu irudishe, nyota zinaanza sifuri. Hili nina uhakika.

#40 Kibatari

Nyuki, #27 nimetoka kusema yangu ilirudi na matusi yake.

#41 Nyuki Mkavu

Yako haikukaa miezi sita.

#42 Mzee wa Logi

Nyota zimefungwa kwenye jina la kifurushi. Yangu ya ratiba ilifichwa zaidi ya mwaka, nikairudisha na nyota zake zote. Kwenye Console maoni hayakuondoka hata siku moja, nilikuwa nayasoma muda wote imefichwa.

#43 Pwani Raha

Apple wana kitufe cha kuanza upya nyota ukitoa toleo jipya. Hamieni huko.

#44 Bi Kompyuta

Kweli, lakini ni wastani tu unaoanza upya. Maoni yaliyoandikwa kwa maneno yanabaki. Na makatibu wa Fundi wana simu gani?

#45 Fundi Daftari

Tecno na Infinix, asilimia mia kasoro mmoja. Huyo mmoja ni mimi.

#46 Bi Kompyuta

Basi tumia kilichopo. Tangu 2019 Google inahesabu nyota kwa kuzipa uzito zaidi za karibuni, si wastani wa maisha yote. Na tangu Novemba 2021 mtu anaona nyota za nchi yake. Kwa hiyo 3.2 unayoiona wewe Morogoro ni ya Tanzania, na inaweza kusogea bila kufuta kitu.

Mjibu kila aliyeandika kuhusu riba. Una herufi 350 kwa jibu moja, kwa hiyo usiandike hotuba: kosa lilikuwa langu, toleo la 2.2 limelirekebisha, mkopo uliolipwa nusu fungua na ubonyeze kuhesabu upya. Akijibiwa anapata taarifa, na anaweza kubadilisha nyota zake. Hawatabadilisha wote.

#47 Jirani Mwema

Mimi napingana na Bi Kompyuta kidogo. Kwa watu 1,900 nyota 3.2 ni kaburi. Apu mpya, jina jipya, ukurasa mweupe, na za zamani ziachwe zife zenyewe. Niliwahi kufanya hivyo kwa apu ya mahubiri na sasa ina watu wengi kuliko ya zamani.

#48 Sukari Guru

Mahubiri hayapotei mtu akifuta apu. Hesabu za chama zinapotea.

#49 Mzee wa Logi

Ukiamua ya Jirani, basi kwa mpangilio. Toleo la mwisho la apu ya zamani liwe na kitufe cha kutoa hesabu zote kama faili, na apu mpya iwe na kitufe cha kulipokea. Weka tangazo ndani ya ya zamani lenye kiungo cha mpya. Acha zote mbili sokoni mpaka Console ikuonyeshe kwamba wengi wa waliobaki wana lile toleo la mwisho. Hapo ndipo ubonyeze Unpublish. Kosa la #12 lilikuwa kubonyeza kwanza.

#50 Jirani Mwema

Na akaunti iwe ya kampuni kweli. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 itamtaka awe na watu 12 wa kumjaribia siku 14 mfululizo kabla ya kutoa apu mpya.

#51 Chuma cha Pua

Zamani walikuwa 20. Nilimaliza ukoo mzima, mpaka bibi yangu ni mjaribu programu. Kila asubuhi nampigia: bibi umefungua? Anasema nimefungua dirisha.

#52 Pwani Raha

Hahaha bibi apewe cheti.

#53 Fundi Daftari

Akaunti ni ya kampuni. Tulisubiri namba ya D-U-N-S karibu mwezi mzima, siwezi kusahau.

Nimeamua kuhamisha. Jana usiku nimekaa na Console. Kwanza nimepakua ripoti zote. Pili, namba ya muamala: alilipa mwenzangu, risiti tumeikuta kwenye barua taka. Tatu, nimeongeza barua ya kampuni kwenye Firebase. Ombi nimelituma asubuhi hii. Nimeanza na kujibu maoni pia, 61 yanataja riba. Nimejibu 20.

#54 Bi Kompyuta

Vizuri. Likikubaliwa, kazi ya kwanza toa toleo dogo kutoka akaunti mpya, namba moja juu ya iliyopo, hata ukibadilisha neno moja tu. Kama simu yako ya zamani inalipokea bila kulalamika kuhusu saini, ujue umehama mzima.

#55 Fundi Daftari

Siku nne zimepita. Ombi limekubaliwa, apu iko kwa kampuni, nyota 3.2 imekuja nayo. Lile toleo dogo, namba 24, limeingia kwenye simu yangu na ya mama, hesabu zipo. Kati ya wale 20 niliowajibu, watatu wamebadilisha nyota. Mmoja alikuwa ameweka moja, sasa ameweka nne na kuandika "amekiri".

Kinachonisumbua: kuna watu 140 bado wako kwenye 2.1, ile yenye kosa la riba. Toleo la marekebisho lilitoka zaidi ya mwaka. Kwa nini hawajalichukua?

#56 Mzee wa Logi

WiFi na chaja, nilisema.

#57 Jirani Mwema

APK za WhatsApp. Katibu mmoja anaipakua, anawatumia wenzake kumi.

#58 Sukari Guru

Au simu zimejaa. Yenye nafasi ya MB 200 haipokei kitu.

#59 Bi Kompyuta

Angalia kwenye Console hao 140 wana Android ipi. Kama toleo lako la marekebisho lilipandisha `minSdkVersion`, simu za chini ya hapo hazitaliona kamwe, zitabaki na 2.1 mpaka zife.

#60 Fundi Daftari

Nilipandisha kutoka 21 hadi 24. Ngoja niangalie.

#61 Kasuku Mweupe

Mimi bado sijaelewa, mbona nikiburuta haitoki? Inaniandikia Disable tu.

#62 Chuma cha Pua

Kasuku hiyo ni ya kiwandani, iache.